Kosa la hatua moja ni 0.01, hatua 10, mwisho nakuta 0.25?? Nisaidieni njia ya Euler

hatua_ndogo:
Wakuu habari za humu. Nina swali linanisumbua siku ya tatu hii. Nina hii difrensho ikwesheni y' = x + y, inaanzia x = 0, y = 1, natakiwa nifike x = 1 kwa kutembea hatua za 0.1. Yaani ukiwa kwenye pointi unatafuta mteremko, unatembea kidogo kwenye ile tanjenti, unafika pointi mpya, unatafuta mteremko tena, hivo hivo mpaka mwisho. Nimefanya kwa mkono namba zikaja hivi: 1, 1.1, 1.22, 1.362, 1.5282, 1.72102, 1.943122, 2.1974342, 2.4871776, 2.8158954 na mwisho 3.1874849.

Jibu la kweli pale x = 1 ni 3.4365637. Kwa hiyo nimekosea kwa 0.249. Sawa, njia ni ya kukadiria, siilaumu. Kinachonichanganya ni hiki: nimeangalia hatua ya kwanza peke yake, jibu la kweli pale 0.1 ni 1.1103418 mimi nina 1.1, kosa ni 0.0103. Sasa nina hatua kumi, 0.0103 mara kumi ni 0.103. Hii 0.249 imetoka wapi? Zaidi ya nusu ya kosa sijui lilikoingilia. Hesabu nimerudia mara nne, hakuna niliposahau.

mjomba_integro:
Mdogo wangu unajichosha bure, hiyo ikwesheni ni ya mstari, unahamisha y upande wa pili, unazidisha pande zote kwa e^(-x), unaintegreti, unapata y = 2e^x - x - 1. Weka x = 1 unapata 3.4365637. Dakika mbili umemaliza, hatua za nini?

hatua_ndogo:
Mjomba shikamoo. Hilo ninalijua, ndo nililotumia kupata jibu la kweli nililoandika hapo juu. Swali langu si y ni ngapi, swali langu ni kosa linakuaje.

mjomba_integro:
Marahaba. Ah, sikusoma hadi mwisho. Endeleeni.

kalamu_na_karatasi:
Mkuu hiyo ni kawaida, kosa la njia hii linategemea mraba wa hatua. Ukipunguza hatua iwe nusu kosa linakuwa robo. Weka 0.05 badala ya 0.1 utaona 0.249 inakuwa kama 0.06. Tatizo lako ni hatua kubwa tu, hamna cha ziada.

hatua_ndogo:
Nimekaa nikafanya ya 0.05, hatua ishirini, nimetoka na 3.3065954. Kosa ni 0.130. Sio robo, ni karibu nusu. Sa ndo nimechanganyikiwa zaidi.

Bi_Mteremko:
Ngoja nikusaidie mwanangu, swali lako ni zuri na watu wengi huwa wanalipita.

Kwanza kalamu_na_karatasi hajakosea kabisa, amesema kweli ya hatua moja halafu akaipachika kwenye safari nzima. Angalia hatua ya kwanza peke yake: kwa h = 0.1 kosa lake ni 0.01034, kwa h = 0.05 ni 0.00254. Hapo kweli ni robo. Lakini kufika x = 1 sasa unahitaji hatua ishirini badala ya kumi. Makosa yamekuwa robo, idadi yake imekuwa mara mbili, kwa hiyo mwisho wa safari unabaki na nusu. Ndo maana 0.249 imekuwa 0.130. Ukienda 0.025 utapata 0.066, ukienda 0.01 utapata 0.027. Nusu kwa nusu, kumi kwa kumi.

Sasa hilo la 0.103. Umefanya mambo mawili bila kujua. La kwanza, umechukulia kwamba kila hatua inazaa kosa sawa na la hatua ya kwanza. Haizai sawa. Tanjenti inakosea kwa sababu mstari wa kweli unapinda na yenyewe haipindi, na huu wako kadiri unavyokwenda kulia unapinda zaidi na zaidi. Hata ukiwekwa juu ya mstari wa kweli kabisa pale x = 0.9 halafu ukatembea hatua moja tu, kosa lako ni 0.0254, zaidi ya mara mbili ya lile la mwanzo. Jumlisha makosa yote kumi, kila moja likizaliwa kutoka kwenye mstari wa kweli, utapata 0.169.

Bado hatujafika 0.249. Zimebaki 0.080, na hizo ndo za jambo la pili, ambalo watu hawalioni. Ukiwa hatua ya pili hauko tena juu ya mstari wa kweli, uko chini yake kwa 0.0103. Mteremko wako unausoma pale ulipo wewe, sio pale ulipotakiwa uwe. Na kwenye ikwesheni yako mteremko ni x + y, y ikiwa pungufu mteremko nao unakuwa pungufu kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo hatua inayofuata unabaki nyuma kwa lile kosa la zamani na juu yake sehemu ya kumi ya lile kosa. Kosa la zamani limezidishwa kwa 1.1. Hatua nyingine, 1.1 tena. Ni deni lenye riba.

Lile kosa lako la kwanza 0.0103 lina hatua tisa za kulizidisha mbele yake. 1.1 ikizidishwa yenyewe mara tisa ni 2.358, kwa hiyo hadi linafika x = 1 limekuwa 0.0244. Na la hatua ya mwisho limezaliwa likiwa 0.0254 tayari, halina muda wa kuzaa riba. Sasa fanya yale ya katikati mwenyewe uone kitu.

hatua_ndogo:
Mama shikamoo kwanza. Nimefanya. La hatua ya tano linazaliwa 0.0154, linazidishwa 1.1 mara tano, linafika 0.0248. Yaani zote zinafika mwisho zikiwa 0.024 na kitu au 0.025! Za mwanzo zinazaliwa ndogo zinakua muda mrefu, za mwisho zinazaliwa kubwa hazina muda. Kumi mara 0.0249 ni 0.249. Aisee. Nimekaa siku tatu nikitafuta 0.146 iliyopotea kumbe haikupotea mahali, kila hatua imechangia sawa.

Bi_Mteremko:
Marahaba. Hiyo ya kuchangia sawa ni kwa sababu ya ikwesheni hii, usiibebe kila mahali. Hapa mpindo unakua kwa e^x na riba nayo inakwenda karibu hivohivo, ndo maana zimelingana.

Jaribu y' = x - y, nayo ianzie y = 1. Hatua ya kwanza kosa ni 0.0097, karibu sawa na lako. Ila hapa y ikiwa pungufu mteremko unakuwa mkubwa zaidi, unakurudisha juu. Kosa la zamani linazidishwa kwa 0.9, linakufa taratibu. Kwa hesabu yako ya kuzidisha mara kumi ungetegemea 0.097 pale x = 1, utakuta 0.038. Endelea mpaka x = 3 utakuta limeshuka hadi 0.015, pamoja na kwamba hatua zimekuwa thelathini.

kalamu_na_karatasi:
Nimekubali yaishe. Ila kwenye vitabu wanaandika mraba wa h, mimi sijaitunga.

Bi_Mteremko:
Wanaandika mraba kwenye kosa la hatua moja, ukifungua ukurasa unaofuata utakuta la safari nzima ni h yenyewe bila mraba. Wengi huwa tunaishia ukurasa wa kwanza.

kodi_usiku:
Samahani naingilia. Mimi nimeandika programu ya swali hilohilo, h = 0.1, nimepata 3.3468592 sio 3.187. Kosa langu ni 0.09 tu. Kwa hiyo nafikiri hatua_ndogo umekosea mahali kwa mkono, kompyuta haichoki bwana.

```
x, y, h = 0.0, 1.0, 0.1
for i in range(10):
    x = x + h
    y = y + h*(x + y)
print(y)
```

hatua_ndogo:
Mh. Namba zangu nimerudia mara nne.

Bi_Mteremko:
kodi_usiku chapisha y ya hatua ya kwanza utuambie.

kodi_usiku:
1.11

Bi_Mteremko:
Inatakiwa iwe 1.1. Pale mwanzo x ni 0 na y ni 1, mteremko ni 1, hatua ni 0.1. Wewe umeisogeza x kwanza ndo ukahesabu mteremko, kwa hiyo umechanganya x ya kesho na y ya leo. Hiyo sio tanjenti ya pointi yoyote. Badilisha ile mistari miwili, y itangulie.

kodi_usiku:
Nimebadilisha, imekuja 3.18748. Lakini dada si ile ya kwanza ilikuwa karibu zaidi na jibu? Kwanini nisiiache?

Bi_Mteremko:
Imekaribia kwa bahati. Kwenye ikwesheni hii tanjenti inakuweka chini siku zote, na kosa lako la kodi likakusukuma juu, yakapunguzana. Sasa chukua y' = y - x, ianzie y = 1. Jibu lake la kweli ni mstari ulionyooka y = x + 1, na kwa kuwa haupindi popote njia ya tanjenti lazima itoe 2 kamili pale x = 1, hata kwa hatua kubwa. Peleka kodi yako ya kwanza kule.

kodi_usiku:
1.8406. Na ile iliyorekebishwa inatoa 2.0. Basi nimeelewa, nafuta ile.

Bi_Mteremko:
Usiifute, iweke na alama. Mtihani huo wa mstari ulionyooka nautumia mwenyewe kila nikiandika upya, unakamata mambo ya kijinga haraka sana.

waya_mwekundu:
Mi naona hapa mnasema kosa linakua polepole, h ndogo kosa dogo. Mi langu halikukua polepole. Nilikuwa nacheza na sakiti, kapasita ya mikrofaradi 2 inaisha chaji kupitia rezista ya kiloomu 10, imeanza na volti 5. Ukipiga hesabu ikwesheni ni V' = -50V. Nikaweka hatua ya sekunde 0.05 nikaona ni ndogo hiyo, nani ana shida na sekunde 0.05. Matokeo: 5, -7.5, 11.25, -16.875, 25.3. Yaani kapasita inayoisha chaji imefika volti 25 na kila hatua inageuka chanya hasi. Nikafikiri nimeandika alama ya kutoa vibaya, nikatafuta kosa kwenye kodi jioni nzima. Na kwa maelezo ya mama hapo juu hii ni ile aina ambayo makosa yanakufa yenyewe si ndio? Mbona hayajafa?

Bi_Mteremko:
Swali zuri, na jibu liko kwenye ileile namba ya kuzidisha. Kwa hatua_ndogo ilikuwa 1 + h. Kwa y' = x - y ilikuwa 1 - h. Kwako ni 1 - 50h. Weka h = 0.05, unapata 1 - 2.5, yaani -1.5. Kila hatua kila kitu kinazidishwa kwa -1.5, jibu lenyewe pamoja na kosa lake.

Ukitaka kuliona bila namba hizo: pale mwanzo volti inashuka kwa kasi ya volti 250 kwa sekunde. Ukiifuata tanjenti hiyo kwa sekunde 0.05 bila kuangalia nyuma, unashuka volti 12.5. Na ulikuwa na 5 tu. Umepita sifuri ukaenda upande wa pili mbali kuliko ulipotoka, na kule mteremko ni mkali zaidi unakurudisha kwa nguvu zaidi. Kwa kweli ndani ya muda huo kapasita ingekuwa imeshashuka hadi volti 0.41.

waya_mwekundu:
Kwa hiyo niweke ngapi?

Bi_Mteremko:
Ukiwa juu ya 0.04 inalipuka. Pale 0.04 kamili inaruka 5, -5, 5, -5 milele. Kati ya 0.02 na 0.04 inageuka alama lakini inatulia, mfano 0.03 utapata 5, -2.5, 1.25. Chini ya 0.02 haigeuki alama. Ila kutogeuka alama sio kuwa sahihi, kwa 0.01 hatua ya kwanza inakupa 2.5 na kweli ni 3.03. Kwa kazi ya maana shuka chini zaidi ya hapo.

Dalili ya kuitambua ni hiyohiyo uliyoiona: namba inabadilisha alama kila hatua na inakua kwa uwiano uleule. Kosa la kawaida la mpindo halifanyi hivo, linakuweka upande mmoja na kukusogeza taratibu. Ukiona inayumba hivo usitafute alama ya kutoa, punguza hatua kwanza.

kalamu_na_karatasi:
Hapo si angetumia tu mteremko wa mwisho wa hatua badala ya mwanzo? Yaani V mpya ni V ya zamani kugawa kwa 1 + 50h. Hailipuki kwa h yoyote ile.

Bi_Mteremko:
Sahihi kabisa, hapo umenena.

waya_mwekundu:
Nimejaribu kwa 0.05 naona 5, 1.43, 0.41. Hailipuki kweli. Lakini 1.43 pale kweli ni 0.41, imekosea zaidi ya mara tatu. Sasa hii inanisaidia nini, si bora ile inayolipuka unajua kabisa kuna shida, kuliko hii inakupa namba zenye sura nzuri halafu za uongo?

kalamu_na_karatasi:
Inakusaidia kama una sehemu moja ya sakiti inayobadilika haraka na nyingine polepole, na wewe unaitaka ile ya polepole. Ile ya haraka inakufa hata kama imekufa vibaya.

waya_mwekundu:
Sijashawishika, mi naenda na h ndogo.

Bi_Mteremko:
Wote mna hoja, inategemea unatafuta nini. Mi mwenyewe kwa sakiti ya kitu kimoja kama hii nisingejisumbua.

desimali_saba:
Mnasema h ndogo h ndogo, hakuna anayesema mwisho wake. Mi niliwahi kusema nimalize ubishi, nikaweka h = 0.00000001 kwenye ikwesheni ileile ya mwenye uzi, nikatumia namba za biti 32 kwa sababu kifaa nilichokuwa nakiandikia kinabeba hizo tu. Nikaandika lupu iendelee mpaka x ifike 1. Nikalala. Asubuhi nakuta bado inazunguka. Nikaisimamisha nikachapisha, x = 0.25, y = 1. Y haijasogea hata kidogo tangu usiku.

hatua_ndogo:
Inawezekanaje y isisogee??

desimali_saba:
Namba ya biti 32 inabeba kama tarakimu saba tu. Ukiwa na 1 halafu unaongeza 0.00000001 hiyo nyongeza haina pa kukaa, inakatwa, unabaki na 1 ileile. Kila hatua inasahau. Na x ilianza sifuri kwa hiyo mwanzo ilikuwa inapokea nyongeza vizuri, ilipofika 0.25 nayo ikawa kubwa mno kuisikia. Ndo ikasimama hapo, na lupu inasubiri 1 isiyokuja.

Kwa namba za biti 64 usingeliona hilo kwa h hiyo, lakini ungezungusha hatua milioni mia moja kwa usahihi ambao njia nyingine ungeupata kwa hatua chache tu.

kodi_usiku:
Nimecheka lakini inauma, lupu ya kusubiri 1 isiyokuja. Siku hizi mi nahesabu idadi ya hatua kwa namba kamili halafu x napata kwa i*h, sijumlishi jumlishi.

desimali_saba:
Hiyo ingeniokoa x, y ingebaki palepale.

mjomba_integro:
Nimerudi. Nimesoma yote safari hii. Nina swali la kizee: nyie makosa yenu mnayapima kwa sababu mnalo jibu la kweli, nililowapa mimi hapo juu 😀. Ukiwa huna jibu, na ndo sababu ya kutumia hatua tangu mwanzo, utajuaje umekosea kiasi gani?

Bi_Mteremko:
Swali la msingi hilo mjomba. Unafanya mara mbili, kwa h na kwa nusu ya h, halafu unaangalia tofauti. Kwa kuwa kosa linapungua karibu nusu, tofauti kati ya majibu mawili ni karibu sawa na kosa lililobaki kwenye lile la pili. Hapa 3.30660 kutoa 3.18748 ni 0.119. Kosa la kweli la hatua ya 0.05 ni 0.130. Haijapiga palepale lakini inatosha kukuambia kwamba usiamini hata desimali ya kwanza.

Na ukishakuwa na hiyo tofauti unaweza kuiongeza. Mara mbili ya 3.30660 kutoa 3.18748 ni 3.42571, kosa limeshuka hadi 0.011. Ukifanya hivo kwa 0.05 na 0.025 unapata 3.43366, kosa 0.003. Kwa njia ya kawaida ungehitaji hatua elfu moja kufikia hapo, hapa umetumia sitini.

mjomba_integro:
Elfu dhidi ya sitini. Hapo nimewaelewa.

hatua_ndogo:
Nimeifanya mwenyewe imekuja hivohivo. Lakini mama kabla sijaamini kabisa nimejaribu nyingine, y' = y*y, inaanza 1. Pale x = 0.5 iko sawa, h = 0.1 inatoa 1.800, h = 0.05 inatoa 1.884, ukiongeza tofauti unapata 1.968 na kweli ni 2. Safi. Nikaenda mpaka x = 1. Ya 0.1 inatoa 6.13. Ya 0.05 inatoa 9.55. Kwa hesabu yako jibu liwe 12.98?

mjomba_integro:
Jibu la hiyo ni 1/(1 - x). Pale 1 hakuna jibu, inakwenda juu bila kikomo.

Bi_Mteremko:
Ndio. Tanjenti haijui kwamba kuna ukuta, inatembea hatua yake inaupita na kukupa namba ya kawaida kabisa. Dalili yake ni kwamba tofauti zinakataa kupungua. Kwa ikwesheni yako ya kwanza kati ya 0.1 na 0.05 tofauti ilikuwa 0.119, kati ya 0.05 na 0.025 ikawa 0.064. Fanya na hii kwa 0.025 uone kama 3.42 inapungua au inaongezeka.

hatua_ndogo:
Naifanya sa hivi. Lakini tuseme sina jibu la mjomba, na nimefanya mbili tu, ya tatu inachukua siku nzima. Nitajuaje kama ni ukuta au ni h kubwa tu?

desimali_saba:
Mi naangalia h mara kiasi ambacho mteremko unabadilika y ikibadilika, ile namba ya riba. Pale mwishoni y iko 4.29, kwa y*y riba ni mara mbili ya y mara h, yaani 0.86 kwa hatua moja. Ikifika huko mi nasimama, siamini tena.

kalamu_na_karatasi:
Lakini hata ikwesheni isiyo na ukuta inaweza kufika riba hiyo ukiweka h kubwa.

desimali_saba:
Kweli. Kwa hiyo nimesema siamini, sijasema ni ukuta.

Bi_Mteremko:
Kwa mbili tu huwezi kujua kwa uhakika. Unaweza kufupisha hatua kila mteremko unapokuwa mkali, uone kama x inasogea au inabana mahali pamoja, ila na hiyo nayo nimeshaona ikinidanganya. hatua_ndogo leta ile ya 0.025 kwanza.